Walikuwa wangapi uwanjani? Kukadiria umati wa mkutano wa hadhara kwa eneo, malango na sampuli

Mkutano wa hadhara ukiisha, idadi tatu hutajwa kabla vumbi halijatulia: ya waandaaji, ya polisi na ya mwandishi wa habari aliyekuwa mbele karibu na spika. Mara nyingi hakuna hata moja iliyotokana na kipimo. Mwongozo huu unaeleza jinsi watu wachache, wenye simu, daftari, fito na utepe, wanavyoweza kupata kadirio la umati wa uwanja wa wazi ambalo mtu mwingine anaweza kulikagua hatua kwa hatua.

Kwanza amueni mnahesabu nini, kwa kuwa hapa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni watu wangapi walikuwemo uwanjani kwa wakati mmoja, mkutano ulipofika kilele. La pili ni watu wangapi walihudhuria, wakiwamo waliokuja mapema wakaondoka na waliofika jua linazama. Eneo na sampuli hujibu la kwanza. Malango hujibu la pili, na pia huhakiki jibu la kwanza. Mkutano wa saa sita unaweza kuwa na wahudhuriaji wengi zaidi kuliko watu wa kilele chake, na anayetangaza idadi bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili hajasema kitu cha kukagulika.

Pimeni uwanja kabla ya siku yenyewe

Fungueni Google Earth Pro, mchague `Ruler`, kisha `Polygon`, mchore mpaka wa uwanja pole pole mkifuata ukuta, uzio au ukingo wa barabara. Programu itawapa eneo kwa mita za mraba. Picha za setilaiti huwa za zamani kidogo, kwa hiyo nendeni na utepe wa kupimia wa mita 50 mhakikishe pande mbili au tatu. Kama kuna banda jipya au ukuta umesogezwa, mtaligundua hapo.

Eneo mlilopata si eneo la watu. Toeni kila mahali ambapo mtu hawezi kusimama: jukwaa na nafasi iliyozungushiwa uzio mbele yake, mnara wa vyombo vya sauti, mahema ya wageni waalikwa, maegesho ya magari ya wagonjwa na ya matangazo, mitaro, vichaka, vibanda vya mama lishe. Sehemu ambayo watu wanaweza kufika lakini hawaoni jukwaa wala kusikia vizuri, kwa mfano nyuma ya mnara wa spika, msiitoe. Iwekeni kwenye ukanda wa watu wachache. Kuitoa kabisa kutapunguza idadi isivyo haki, na kuijaza kwa hesabu ya mbele kutaiongeza isivyo haki.

Hatua hii peke yake hutosha kuua madai mengi. Uhuru Park ya Nairobi ina hekta 12.9, yaani mita za mraba 129,000. Mtu akisema watu milioni moja walikuwa ndani ya bustani hiyo, anasema kila mita ya mraba ilibeba karibu watu wanane, pamoja na juu ya maji ya ziwa lake na juu ya miti. Hilo haliwezekani. Kwa watu wawili kwa mita ya mraba, ambao tayari ni umati mzuri, milioni moja wanahitaji hekta 50, sawa na viwanja 70 vya mpira vya mita 105 kwa 68.

Msongamano unaonekanaje

Herbert Jacobs, aliyefundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipata njia yake miaka ya 1960 kwa kuwatazama wanafunzi waliokuwa wakiandamana kupinga vita vya Vietnam. Sakafu ya uwanja wao ilikuwa imegawanywa kwa mistari katika miraba, hivyo aliweza kuhesabu watu wa miraba michache na kuzidisha. Vipimo alivyoacha bado vinatumika. Katika umati uliolegea, ambapo kuna urefu wa mkono kati ya mtu na mwenzake, kila mtu huchukua futi za mraba 10, karibu mita ya mraba moja. Katika umati uliobana huchukua futi 4.5, yaani zaidi kidogo ya watu wawili kwa mita. Katika umati uliosongamana kabisa huchukua futi 2.5, zaidi kidogo ya watu wanne kwa mita.

Vishikeni vipimo hivyo kwa macho. Mtu mmoja kwa mita: unaweza kupita katikati bila kusema samahani. Wawili: unapita kwa kupinda mabega. Wanne: mabega yanagusana, muuza maji hapiti, na mtoto anabebwa juu. Ikifika watano na kuendelea, acheni kuhesabu, waarifuni wanaosimamia usalama. Katika msongamano wa sita au saba mtu hachagui tena aende wapi. Umati husogea kwa mawimbi, na mtu akianguka aliye nyuma hana uwezo wa kusimama.

Vipimo hivi ni vya kujikagua, si vya kujazia hesabu. Watu waliokaa chini kwenye nyasi huhitaji nafasi kubwa kuliko waliosimama, wenye miavuli hutawanyika zaidi, na jua la saa nane huwavuta watu chini ya mwembe mmoja wakaacha nusu ya uwanja tupu. Kwa hiyo msongamano wa siku hiyo hupimwa siku hiyo.

Gawanyeni kanda, mchore miraba

Uwanja wa wazi haujai sawasawa. Mbele hubana, katikati hulegea, nyuma watu husimama vikundi vikundi wakinunua karanga na kuzungumza. Gawanyeni eneo lenu katika kanda tatu au nne kwa jinsi mnavyotarajia watu watajipanga, lakini acheni mistari ya mipaka isogezwe siku yenyewe. Mtu mmoja apewe kazi hiyo tu: nusu saa kabla ya kilele azunguke na ramani iliyochapishwa, aweke alama kwa kalamu mahali umati unapobadilika kutoka kubana hadi kulegea. Ukanda wa kati ukichorwa mita kumi mbele au nyuma ya mahali pake, kosa linalotokea ni kubwa kuliko la kuhesabu vichwa vibaya, na halionekani kwenye hesabu yoyote baadaye.

Kisha chukueni sampuli. Mraba wa mita 5 kwa 5, yaani mita za mraba 25, unafaa: ni mkubwa kiasi cha kutotikiswa na familia moja iliyosimama pamoja, na ni mdogo kiasi cha kuhesabika ndani ya dakika moja. Gawanyeni kila ukanda katika miraba ya ukubwa huo kwenye ramani, ipeni namba, andikeni namba kwenye vipande vya karatasi, muokote bila kutazama. Msiruke hatua ya kuokota. Anayechagua mraba kwa macho huenda mahali penye watu, kwani ndipo penye cha kuhesabu, na mraba mtupu unaachwa ingawa nao ni sehemu ya uwanja. Mraba wenye sifuri uandikwe sifuri.

Alama za chokaa chini hufutwa na miguu kabla hotuba ya kwanza haijaisha. Tumieni fito za mita tatu zenye utepe wa rangi kwenye pembe za miraba ya mbele, baada ya kukubaliana na waandaaji, au tumieni vitu visivyohama: nguzo za taa, goli, mti, pembe ya jukwaa. Nyuma, ambako watu ni wachache, mhesabu anaingia mwenyewe, anapima kwa hatua zake alizozipima kabla kwa utepe, na kuhesabu akiwa ndani.

Mbele hamwezi kuhesabu mkiwa chini. Pigeni picha kutoka juu: jukwaa la waandishi, roshani ya jengo jirani, au juu ya lori. Kadiri picha inavyopigwa chini ndivyo vichwa vya mbele vinavyoficha mapengo yaliyo nyuma yake, na umati wa mtu mmoja kwa mita huonekana kama wa watatu. Hii ndiyo sababu picha za magazeti zinazopigwa kutoka usawa wa macho hazifai kwa kazi hii hata zikiwa nzuri namna gani. Droni inayotazama chini moja kwa moja hutoa picha bora kuliko zote, lakini ombeni kibali mapema kwa mamlaka ya usafiri wa anga: Kenya ni KCAA, Tanzania ni TCAA, na juu ya mkutano wenye viongozi kuna ulinzi wa ziada.

Picha zote na hesabu zote za sampuli zifanyike ndani ya dakika kumi zile zile. Ukihesabu nyuma saa tisa na nusu na mbele saa kumi na robo, utawahesabu mara mbili waliosogea mbele mgeni rasmi alipopanda jukwaani.

Mfano wa hesabu

Tuchukue uwanja wa manispaa wa kubuni, mita 140 kwa 90, wenye ukuta na malango matatu. Mkutano unaanza saa nane mchana, mgeni rasmi anazungumza saa kumi jioni, na saa kumi na mbili watu wanatawanyika.

Eneo lote ni mita za mraba 12,600. Jukwaa na uzio wake vinachukua 240, mahema ya wageni 400, mnara wa sauti 25, mtaro na miti ya ubavuni 420, magari 315. Jumla ya kutoa ni 1,400, na eneo la watu linabaki 11,200. Saa tisa na nusu mchora mipaka anagawa kanda tatu: mbele mita 1,600, katikati 4,000, nyuma na pembeni 5,600.

Ukanda wa mbele unachukuliwa miraba minne. Hesabu ni 92, 81, 77 na 86, wastani 84, yaani watu 3.36 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 1,600: watu 5,376.

Katikati miraba sita: 48, 41, 55, 37, 44, 51. Wastani ni 46, yaani 1.84 kwa mita. Kwa mita 4,000 wanapatikana 7,360.

Nyuma miraba minane: 18, 6, 22, 0, 11, 15, 9, 15. Wastani ni 12, yaani 0.48 kwa mita. Kwa mita 5,600 wanapatikana 2,688.

Kanda zote zina watu 15,424. Kwenye mahema kuna viti, na viti havikadiriwi, vinahesabiwa: vilivyokaliwa ni 280. Kilele ni watu 15,704, tuseme 15,700.

Sasa tazameni jinsi idadi nyingine ingezaliwa hapo hapo. Mtu aliyesimama jukwaani anaona ukanda wa mbele tu. Akichukua msongamano wake wa 3.36 na kuutandaza kwenye mita zote 11,200, anapata watu 37,600. Akisema "wanne kwa mita" na kutumia eneo zima la mita 12,600 bila kutoa hata jukwaa, anapata 50,400. Elfu hamsini ya kichwa cha habari haihitaji uongo wa makusudi. Inatosha kusahau nyuma ya uwanja. Katika mfano huu nusu nzima ya eneo lina chini ya moja ya tano ya watu.

Mmekosea kwa kiasi gani

Hesabu za miraba zinatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayowaambia kadirio lenu linaweza kuyumba kiasi gani. Kwa kila ukanda, tafuteni mchepuko wa kawaida wa hesabu za miraba, gawanyeni kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, kisha zidisheni kwa miraba yote ya ukanda huo. Ukanda wa nyuma una miraba 224 (5,600 kugawanya kwa 25). Ikiwa hesabu zake nane ziko kwenye seli B2 hadi B9 za Excel, andikeni:

```
=STDEV(B2:B9)/SQRT(COUNT(B2:B9))*224
```

Jibu ni karibu watu 555. Kwa njia hiyo hiyo, ukanda wa kati wenye miraba 160 unatoa 433, na wa mbele wenye miraba 64 unatoa 207. Makosa haya hayajumlishwi moja kwa moja: kila moja huzidishwa kwa lenyewe, yanajumlishwa, kisha kinatafutwa kipeuo cha pili cha jumla. Hapa ni 734. Chukueni mara mbili yake, karibu 1,500, na mnaweza kusema kilele kilikuwa kati ya watu 14,200 na 17,200.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulifanya kinyume. Kosa kubwa kuliko yote limetoka ukanda wenye watu wachache kuliko wote, kwa sababu ni mpana na watu wake wamekaa vikundi: mraba mmoja una 22, mwingine hauna mtu. Hata baada ya kuupa miraba minane bado ndio unaoyumbisha jibu. Mkiwa na wahesabu wa ziada, wapelekeni nyuma, si mbele ambako kila mtu anataka kwenda.

Kipimo hiki hakijumuishi mpaka uliochorwa vibaya, picha iliyopigwa chini, wala watoto waliobebwa mgongoni. Amueni mapema kama watoto wa mgongoni wanahesabiwa, mkiandike. Kwa mpaka, jaribuni hivi: sogezeni mstari kati ya mbele na katikati ili mita 300 za mbele zihamie katikati. Kila mita inapoteza watu 1.52, kwa hiyo jumla inashuka kwa 456. Ni karibu theluthi ya ukingo wote wa makosa, na imetokana na mstari mmoja wa kalamu.

Malango

Wakati wengine wanahangaika na miraba, kila lango linahitaji watu wawili: mmoja wa wanaoingia, mmoja wa wanaotoka. Mashine ndogo ya kuhesabia inayobonyezwa kwa kidole gumba ni bora. Bila hiyo, mistari ya tano tano kwenye daftari inatosha hadi watu wapatao 40 kwa dakika. Zaidi ya hapo macho huanza kuruka, na mhesabu hubahatisha bila kujua kwamba anabahatisha. Wakija kwa wingi huo, hesabu kwa makundi ya watu watano, au piga video ukahesabu baadaye ukiipunguza mwendo.

Hakuna anayeweza kuhesabu saa nne mfululizo. Hesabuni dakika mbili katika kila dakika kumi, kwa saa na si kwa hisia: dakika ya 0 hadi ya 2, ya 10 hadi ya 12, na kuendelea. Mwishoni zidisheni kwa tano. Mhesabu akiachwa achague dakika zake, ataanza kuhesabu anapoona watu wanamiminika na kupumzika lango likiwa kimya, na idadi itavimba.

Tuendelee na uwanja wetu. Wahesabu wanaanza saa sita mchana, na kabla ya kuanza wanahesabu waliokwisha kuwemo ndani: wapiga vyombo, wanakwaya, wauzaji, walinzi, jumla 400. Hatua hii husahaulika sana, na watu hao huonekana baadaye kama kosa lisilo na maelezo. Hadi saa kumi, lango kuu limehesabiwa watu 2,090 katika dakika za sampuli, lango la pili 1,250, la tatu 520. Mara tano: 10,450, 6,250 na 2,600, jumla 19,300 walioingia. Waliotoka katika dakika za sampuli ni 580, mara tano 2,900.

Waliomo saa kumi ni 400 jumlisha 19,300 toa 2,900, yaani 16,800. Njia ya eneo ilitoa 15,700. Tofauti ni 1,100, asilimia 7 hivi, na 16,800 imo ndani ya ukingo wetu wa 14,200 hadi 17,200. Njia mbili zisizotegemeana zikikaribiana hivyo, mna la kuandika: kilele cha watu 16,000 hivi.

Zisipokaribiana, msizigawanye kwa mbili mkaenda zenu. Malango yakizidi sana eneo, kagueni kwanza wanaotoka: lango ambalo watu hutoka kwa kujipenyeza kati ya wanaoingia huhesabiwa nusu tu. Eneo likizidi sana malango, kuna mahali watu wanaingilia ambako hamkuweka mtu: ukuta uliobomoka, uzio wa seng'enge ulioinuliwa, njia ya nyuma ya shule jirani. Zungukeni uwanja mara moja kila saa mkitafuta mapito hayo. Uwanja usio na uzio kabisa, kama ufukwe, hauhesabiki kwa malango. Tegemeeni eneo na sampuli, mkizirudia kila saa.

Upana wa lango pia hutoa kikomo. Kipimo kinachotumiwa na wapangaji wa viwanja vya michezo Uingereza ni watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana, kwenye njia tambarare. Malango yetu yana upana wa mita 4, 3 na 2, kwa pamoja mita 9, hivyo hayawezi kupitisha zaidi ya watu 738 kwa dakika. Wanaodai elfu hamsini wanahitaji watu 208 kwa dakika bila kupumzika kwa saa nne. Malango yangeweza kuwabeba, kwa hiyo kikomo hiki peke yake hakiwapingi. Kinachowapinga ni daftari: walioingia walikuwa wastani wa 80 kwa dakika. Kwenye uwanja wenye lango moja la mita mbili, kikomo chenyewe kingetosha kumaliza ubishi.

Kutoka kilele hadi wahudhuriaji

Baada ya saa kumi wameingia wengine 1,200, na hivyo walioingia tangu saa sita ni 20,500. Lakini kuingia si mtu. Aliyetoka kununua maji akarudi ameingia mara mbili. Mhoji mmoja katika kila lango amwulize kila mtu wa kumi anayeingia swali moja tu: "Umeshaingia hapa mapema leo?" Mtu wa kumi ni wa kumi kweli, si yule anayeonekana mpole. Tuseme wameulizwa 500 na 60 wamesema ndiyo, yaani asilimia 12. Toeni asilimia 12 kutoka 20,500, wanabaki watu 18,040. Jumlisheni wale 400 wa mwanzo, wahudhuriaji ni karibu 18,400.

Kwa maandamano yanayotembea barabarani, swali kama hili ndilo nguzo ya kazi yote, kwa kuwa hakuna dakika ambayo watu wote wapo mahali pamoja. Paul Yip wa Chuo Kikuu cha Hong Kong na wenzake waliyahesabu maandamano ya Julai 1 ya mji huo kwa kusimama kwenye sehemu moja au mbili za njia, wakawahesabu wanaopita, kisha wakauliza kwa simu baadaye ni asilimia ngapi ya washiriki walipita sehemu hiyo. Mwaka 2003 waandaaji walisema watu 500,000, polisi 350,000. Pengo la aina hiyo ndilo lililofanya hesabu ya tatu ihitajike.

Kuandika matokeo

Msitangaze 15,704. Tarakimu za mwisho hazina maana katika kadirio lenye ukingo wa 1,500, na msomaji akiziona ataamini mlihesabu mtu mmoja mmoja. Andikeni hivi: "Saa kumi jioni walikuwemo watu kati ya 14,000 na 17,000, wahudhuriaji wa siku nzima walikuwa karibu 18,000. Tumetumia miraba 18 ya sampuli katika kanda tatu, na hesabu ya malango matatu kuanzia saa sita mchana."

Pamoja na hayo hifadhini ramani yenye mipaka ya kanda, namba za miraba iliyookotwa, hesabu ghafi za kila mraba pamoja na ule wenye sifuri, madaftari ya malango yenye saa zake, na picha zenye muda wa kupigwa. Mpinzani akija na idadi yake, mwombeni eneo na msongamano alioutumia, kisha gawanyeni idadi yake kwa mita 11,200. Akisema elfu hamsini, amesema watu 4.5 kwa kila mita kutoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma, na picha za ukanda wa nyuma za saa kumi mnazo.